Salio na Daftari: Chati ya Kushuka, Chati ya Kupanda na Kazi Inayoongezwa Njiani

Ijumaa moja asubuhi tuliketi na mteja wetu katika ofisi ya Barabara ya Ngong, na ukutani kulikuwa na mstari mmoja. Ulianzia juu kushoto, ukateremka vizuri kwa wiki sita, kisha ukalala. Mteja alikuwa mzee mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi kule Nyamakima na ghala Industrial Area. Aliutazama mstari ule kwa muda, akavua miwani. "Vijana," akasema, "mwanzo mlikuwa mnakimbia. Sasa naona mmeketi."

Hatukuwa tumeketi. Wiki nne zile tulikuwa tumefanya kazi kama wiki zilizotangulia. Lakini mstari ulikuwa wetu, tuliuchora wenyewe, na mzee aliusoma sawasawa kabisa. Kosa lilikuwa letu, la kumwonyesha chati ambayo haikuweza kujibu swali lake.

Chati ile ndiyo inayoitwa `Burndown Chart` kwenye Jira na programu nyingine za kusimamia miradi. Hapa nitaiita chati ya kushuka. Inapima kitu kimoja tu: kazi iliyobaki. Kila mwisho wa kipindi unahesabu kilichobaki, unaweka nukta, unaunganisha nukta. Mstari ukigusa sifuri, mradi umekwisha.

Mfumo wa mzee ulikuwa wa kupokea oda kutoka maduka ya rejareja, kulipisha kwa M-Pesa, kupunguza bidhaa kwenye hesabu ya ghala na kupanga lori za kupeleka mizigo. Tuliigawa kazi yote vipande vipande, tukakipa kila kipande pointi kulingana na uzito wake, jumla ikawa 160. Timu ilikuwa na uwezo wa kumaliza pointi 20 hivi kila sprinti, yaani kipindi cha kazi cha wiki mbili, kwa hiyo tukaahidi sprinti nane. Nukta za kazi iliyobaki, mwisho wa kila sprinti, zilikuwa hizi: 140, 122, 109, 107, 106.

Ukiangalia nambari mbili za mwisho, unaona sprinti ya nne tumepunguza pointi 2 na ya tano tumepunguza 1. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza alilouliza mzee.

Nilimjibu kwa kitu anachokijua kuliko mimi, daftari la deni. Nikamwambia, "Mzee, chukua fundi anayekopa kwako. Jumamosi anakuja kulipa elfu mbili, na kabla hajatoka anachukua mabati na misumari ya elfu mbili. Jumamosi inayofuata vilevile. Ukimsomea salio tu, ni lilelile wiki zote. Je, halipi?" Mzee akacheka. Akasema huyo analipa vizuri, shida yake ni mkono wa kuchukua. Kisha akanyamaza kidogo, akaonyesha ukuta. "Sasa nyinyi mmenionyesha salio."

Ndivyo ilivyokuwa. Daftari zuri la deni lina safu mbili, ya alichochukua na ya alicholipa, na salio hupatikana kwa kutoa moja kwenye nyingine. Chati ya kushuka inakupa salio peke yake. Chati ya kupanda, ambayo kwenye Jira inaitwa `Burnup Report`, inakupa safu zote mbili kama mistari miwili. Mstari wa chini ni kazi iliyokamilika tangu mwanzo, nao hupanda tu. Mstari wa juu ni wigo, yaani jumla ya kazi yote iliyomo kwenye mradi siku hiyo. Kazi ikiongezwa, mstari wa juu unapanda, ikiondolewa, unashuka. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo kazi iliyobaki, na mradi unaisha pale mistari inapokutana.

Hizi ndizo nambari zetu zilipowekwa kwa safu:

| Sprinti | Iliyokamilika (jumla) | Wigo | Iliyobaki |
|---|---|---|---|
| 0 | 0 | 160 | 160 |
| 1 | 20 | 160 | 140 |
| 2 | 38 | 160 | 122 |
| 3 | 59 | 168 | 109 |
| 4 | 79 | 186 | 107 |
| 5 | 100 | 206 | 106 |

Safu ya mwisho haihitaji kupimwa. Kwenye lahajedwali, ambapo B ni iliyokamilika na C ni wigo, inatoka kwa fomula moja:

```
=C2-B2
```

Ukiwa na B na C utapata iliyobaki wakati wowote. Lakini ukipewa iliyobaki peke yake, yaani 107 kisha 106, hakuna hesabu itakayokurudishia B na C. Inawezekana timu ilimaliza pointi 1 na hakuna kilichoongezwa. Inawezekana ilimaliza 21 na zikaongezwa 20. Chati ya kushuka huchora hali hizo mbili kwa mstari uleule.

Nisiionee chati ya kushuka. Ikichorwa kila siku, kazi ikiongezwa kwa mkupuo utaona mstari unaruka juu siku hiyo, na mtu makini atauliza kilichotokea. Sisi tulikuwa tunaweka nukta moja kwa sprinti, kama wengi wanavyofanya kwa mradi mzima, na hapo mruko wa Jumanne unamezwa na kazi iliyokamilika Alhamisi. Kadiri nukta zinavyokuwa mbali, ndivyo nyongeza zinavyozidi kujificha.

Tulipochora mistari miwili ubaoni, mzee aliona mambo mawili bila kuelezwa. Mstari wa chini ulikuwa umenyooka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani: 20, 18, 21, 20, 21, wastani 20. Mstari wa juu ulilala sprinti mbili za kwanza, kisha ukaanza kupanda, pointi 46 katika sprinti tatu. Swali lake likabadilika palepale. Hakuuliza tena kwa nini tumeketi. Aliuliza, "Hizi arobaini na sita ni za nani?"

Ni swali zuri, na hapo chati ya kupanda nayo inafikia mpaka wake. Inakuonyesha kuwa wigo umepanda, lini na kwa kiasi gani. Haikuambii sababu. Hilo lazima mtu aliandike kwa mkono kando ya kila ngazi ya mstari wa juu, siku ileile inapotokea, kwa sababu baada ya mwezi kila mmoja atakumbuka lake.

Zetu zilikuwa za aina tatu, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu hazina mlipaji mmoja. Pointi 8 za sprinti ya tatu zilikuwa kazi tuliyoigundua wenyewe. Tulipopanga malipo ya M-Pesa tulifikiria njia iliyonyooka: mwenye duka la rejareja anapata ombi kwenye simu, anaweka namba ya siri, mfumo wetu unapokea jibu, oda inahesabiwa imelipwa. Tulipojaribu tukakumbana na hali ambapo pesa imekatwa lakini seva yetu haikuwa inafikika dakika ile jibu lilipotumwa. Mwenye duka amelipa, oda bado inasoma haijalipwa. Ilibidi tujenge sehemu ya kuulizia hali ya muamala upya, na nyingine ya kulinganisha oda na taarifa ya malipo kila usiku. Mzee hakuomba kitu kipya hapo. Alichoomba tangu mwanzo ni malipo yanayofanya kazi. Sisi ndio hatukuona kina chake.

Pointi 18 za sprinti ya nne zilitoka kwake. Maduka yanayonunua kwake yalikuwa yanadai ankara ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato, KRA. Sababu ni ya kodi: tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi kupunguza kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Mwenye duka la rejareja asiyepata ankara hiyo anaumia, kwa hiyo atanunua kwa jirani anayeitoa. Mzee hakuwa na hiari sana, lakini haikuwemo katika makubaliano ya awali.

Sprinti ya tano ilileta mambo mawili. Pointi 12 zilikuwa za mauzo ya mkopo, kila duka na kikomo chake cha deni, na hizo pia mzee ndiye aliyeziomba. Nyingine 8 hazikuwa kazi mpya hata kidogo: ripoti ya bidhaa za ghala tuliyoikadiria pointi 5 tuliipima upya ikawa 13, baada ya kujua kwamba nondo zinanunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Makadirio yakibadilika, mstari wa juu unapanda vilevile kana kwamba mtu ameongeza kitu. Msomaji asiyejua anaweza kumlaumu mteja kwa kosa la hesabu la timu.

Kwa hiyo tulimjibu mzee kwamba 16 ni zetu na 30 ni zake. Mkataba wetu ulikuwa wa bei moja kwa kazi iliyokubaliwa, na mgawanyo huo ndio uliotuwezesha kuzungumza pesa bila kugombana. Zile 16 tulizibeba sisi. Zile 30 ama zingelipiwa, ama zingebadilishwa na kitu kingine kilichokuwemo.

Kabla hajaamua, alitaka kujua mwisho wa mradi ni lini. Hapo ndipo mistari miwili inapokuwa na faida kubwa, kwa sababu unaweza kuirefusha kila mmoja kivyake. Zilibaki pointi 106. Tukiufunga mstari wa juu, asiongeze mtu chochote, tunahitaji sprinti 6 zaidi, kwa hiyo tungemaliza sprinti ya 11 badala ya 8, wiki sita baada ya ahadi. Lakini wigo ukiendelea kupanda kama ulivyopanda sprinti tatu zilizopita, pointi 15 hivi kila mara, sisi tunamaliza 20 na 15 zinaingia. Pengo linapungua kwa 5 tu. Pointi 106 kwa mwendo huo ni sprinti 22, wiki 44. Mzee alitazama jinsi mistari miwili ilivyokaribia kwenda sambamba, akatingisha kichwa.

Kwenye chati ya kushuka ungeweza pia kuurefusha mstari mpaka sifuri, na ungepata tarehe. Ila tarehe hiyo imechanganya mwendo wa timu na mwendo wa nyongeza, na huwezi kujua ukiugusa upi itasogea vipi. Ukidhani tatizo ni mwendo wa timu, utaongeza watu. Kwetu hilo lingekuwa kosa la gharama, kwa sababu mwendo wa timu haukuwa na tatizo.

Aliamua kutoa. Katika orodha ya awali kulikuwa na ramani ya kufuatilia lori zikiwa njiani, pointi 30 kamili. Madereva wake walikuwa tayari wanamtumia mahali walipo kwa WhatsApp, na hilo lilimtosha. Ramani ikatoka, ikafidia alichoongeza. Wigo ukashuka kutoka 206 hadi 176.

Sprinti hiyohiyo ya sita ikawa ngumu kwetu kuliko zote. Mwenzetu mmoja alilazwa hospitalini siku nane, mwingine alifiwa akaenda Busia kuzika. Tulikamilisha pointi 12 tu. Sasa angalia chati mbili zilivyosema. Ya kushuka iliporomoka kutoka 106 hadi 64, pointi 42 kwa mkupuo, sprinti bora kuliko zote tangu tuanze. Mhasibu wa mzee, ambaye alikuwa bado anapokea chati ile ya zamani kwa barua pepe, alituandikia pongezi. Ya kupanda ilionyesha mstari wa chini ukiinama, kutoka 100 hadi 112 pekee, na mstari wa juu ukiteremka ngazi moja. Wigo ukipunguzwa, chati ya kushuka humpa sifa mtu ambaye hajafanya kazi hiyo, kama vile ukipanda inavyomnyima sifa aliyeifanya.

Mimi naona hatari hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mstari ukilala, watu huuliza maswali. Ukiporomoka, hakuna anayeuliza. Timu inaweza kukaa miezi ikikatwa vipande vya kazi kimyakimya, chati inapendeza, na mteja akaja kugundua siku ya kupokea mfumo kwamba nusu ya alichokitaka hakimo.

Sprinti ya saba ilitufundisha jambo ambalo hata chati ya kupanda haikuweza kuliona peke yake. Wenzetu walikuwa wamerudi, hakuna aliyekuwa mgonjwa, mstari wa juu ulilala tuli kwenye 176, na bado tulikamilisha 13 tu. Mstari wa chini uliinama bila sababu. Dalili hiyo uikumbuke: timu kamili, kila mtu yuko mbioni, wigo haujasogea, na kazi iliyokamilika imepungua. Karibu kila mara kuna kazi inayofanywa nje ya daftari.

Ilikuwepo. Kijana wa mzee anayesimamia mauzo alikuwa anamwandikia mmoja wetu kwenye WhatsApp, leo safu moja zaidi kwenye ripoti, kesho nembo ibadilishwe kwenye risiti, keshokutwa orodha ya wateja ipangwe kwa mtaa. Mwenzetu ni mtu mwenye heshima, alikuwa anamaliza jioni na hakuona haja ya kuziandika. Tulizikusanya, tukazipima, zikawa pointi 7. Tulipoziingiza, wigo ukapanda hadi 183, na iliyokamilika ikapanda kutoka 125 hadi 132, mwendo ukarudi 20.

Ukitoa 125 kwenye 176 unapata 51. Ukitoa 132 kwenye 183 unapata 51. Kwenye chati ya kushuka nukta haikusogea hata chembe. Kazi iliyoongezwa na kukamilishwa ndani ya kipindi kimoja haina alama yoyote pale. Ni kama fundi aliyechukua msumari na kulipa papo hapo, salio halimjui. Ndiyo maana timu inayochora salio peke yake inaweza kupoteza theluthi ya muda wake kwa kazi za pembeni na isipate hata nukta moja ya kuthibitisha.

Kuna mtego mwingine wa karibu na huo: kipande kilichoingizwa kwenye orodha bila kupewa pointi. Programu inakihesabu sifuri. Wigo unabaki ulivyo ingawa orodha inarefuka. Tulianza kulinganisha mistari miwili ya juu, mmoja wa pointi na mmoja wa idadi ya vipande. Wa pili ukipanda na wa kwanza umelala, kuna vitu havijapimwa.

Baada ya yote haya, bado natumia chati ya kushuka, ila ndani ya sprinti moja. Kwa wiki mbili, kazi imeshachaguliwa na haitarajiwi kubadilika, watu wanataka kujua kitu kimoja tu, kama tutamaliza kufikia Ijumaa. Mstari mmoja unajibu hilo haraka kuliko miwili. Nikitaka kujua kama kuna kilichopenyezwa katikati, naangalia `Sprint Report` ya Jira, ambayo huweka alama ya nyota kando ya kila kipande kilichoingia baada ya sprinti kuanza. Kwa mradi mzima, ambapo wigo ni lazima usogee, sichori tena bila mstari wa juu. Mwongozo rasmi wa Skramu, utaratibu wa kazi tulioutolea sprinti, toleo la 2020, unataja chati zote mbili miongoni mwa njia za kukadiria na haulazimishi yoyote, kwa hiyo uchaguzi unabaki kwa anayechora.

Katikati ya sprinti ya nane mzee alikuja na wazo, kila tawi liwe na bei zake. Hakumwendea mtu kwenye WhatsApp. Alisimama mbele ya ubao akaweka kidole kwenye mstari wa juu. "Huu utapanda ngapi?" Tukamwambia kama 8. Alitazama mstari wa chini ulipokuwa, akatoa kijitabu chake mfukoni, akaandika bei za matawi kwenye ukurasa wa awamu ya pili. Mistari ilikutana kwenye 183, sprinti ya kumi.